Kleimu ya hela uliyotoa mfukoni: uambatanishe nini na kwa nini fainansi wanairudisha

Mi nipo fainansi, kampuni ya kawaida tu hapa Dar, na sehemu kubwa ya siku yangu napitia kleimu za wafanyakazi kabla hazijaenda kulipwa. Naandika hii kwa sababu naona watu wanakaa wiki tatu nne wanasubiri hela yao halali kabisa, mtu amechukua hela ya ada ya mtoto kanunulia kitu cha ofisi, afu kleimu inarudi imebandikwa karatasi ya njano "viambatanisho havijitoshelezi" na hakuna aliyekaa naye kumwonesha ni kipi hakijitoshelezi. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi ukimweleza dakika kumi tu kabla hajaenda dukani kleimu ingepita mara moja.

Nitaenda na kleimu moja iliyopita mezani kwangu ili tusiongee hewani. Jamaa wetu wa utawala alipigiwa simu asubuhi kwamba jenereta ya tawi la Mbezi haiwaki na umeme umekatika. Akaenda maduka ya Gerezani akanunua betri 354,000, akachukua filta na oili kwa muuzaji mwingine 212,400, akampa fundi 150,000 ya servisi, na bajaji ya kubeba vitu 25,000. Jumla 741,400, yote kutoka mfukoni kwake, na jioni jenereta inawaka. Kazi safi. Kleimu yake ikarudi mara mbili, na kati ya mistari minne uliokuwa salama ni ule wa bajaji tu.

Kabla ya hatua zenyewe shika kitu kimoja. Mtu wa fainansi akifungua karatasi zako ana maswali matatu kichwani. La kwanza, je kampuni imenunua kitu hiki kweli, kwa nani na kwa bei gani. La pili, je huyo muuzaji ameshalipwa au bado anatudai. La tatu, kama ameshalipwa, hela imetoka mfukoni kwa nani. Invoisi inajibu la kwanza peke yake, yani invoisi ni muuzaji anasema "nadai". Risiti ya EFD inasema mauzo yamefanyika na TRA wanayajua. Meseji ya M-Pesa au slipu ya benki inasema hela imetoka kwako ikaenda kwa nani. Ukikosa kimoja swali moja linabaki wazi, na swali likibaki wazi hamna mhasibu atakayesaini.

Hatua ya 1: kabla hujatoa hela, uliza kama huyo muuzaji ana akaunti na sisi

Watu wanairuka hii na ndo iliyomchelewesha jamaa yetu zaidi. Yule muuzaji wa filta ni sapalaya wetu wa kila siku, tunachukua mzigo kwa mkopo, analeta invoisi, tunamlipa baada ya siku 30. Jamaa hakujua. Akaenda dukani kwake, akapewa profoma, akalipa 212,400 kwa simu, akabeba filta zake akaondoka. Kwenye kleimu akaambatanisha ile profoma na meseji ya M-Pesa.

Sasa angalia kilichotokea. Wiki ileile ikaingia imeili kutoka kwa sapalaya ina invoisi ya kodi ya 212,400, filta zilezile, oili ileile, inasema tunadaiwa. Mhasibu wa wadai akaiingiza kwenye sistimu kama kawaida maana ni sapalaya anayemfahamu. Yani kwa wakati mmoja kulikuwa na watu wawili wanasubiri kulipwa 212,400 kwa mzigo mmoja, sapalaya upande huu na mfanyakazi mwenzetu upande huu. Nisingetafuta jina la duka kwenye sistimu kabla ya kupitisha kleimu, tungelipa mara mbili, na miezi sita baadaye mkaguzi angekuja kuuliza na jina la kwanza kutajwa ni la jamaa ambaye hakuiba hata shilingi.

Kwa nini sapalaya alituma invoisi wakati keshalipwa? Hela haikwenda kwenye lipa namba ya duka, ilienda kwenye namba binafsi ya kijana wa mauzo. Meseji ilionesha jina la mtu, wala haikuonesha jina la duka. Duka kwenye vitabu vyake halikuona malipo, liliona mzigo umetoka kwenda kwetu, likatuandikia deni. Nilipomwita jamaa akaniambia, "Dada, si unaona hela imetoka kwenye simu yangu, unataka nini tena?" Nikamwambia, "Kaka, naona imetoka kwako, ila sioni imefika dukani." Hapo ndo akaelewa.

Kwa iyo piga simu moja fainansi au manunuzi kabla hujaondoka, uliza huyu mtu tunadaiwa naye au hatuna akaunti. Kama ana akaunti usitoe hela yako kabisa, mwambie aandike kwa mkopo kama kawaida, ofisi ipeleke LPO, yani hati yetu ya kuagiza mzigo. Kama hana, basi omba idhini ya bosi wako kwa maandishi, hata imeili ya mstari mmoja "jenereta Mbezi haiwaki, naomba ninunue betri na filta, makadirio laki sita". Muda wake uwe kabla ya muda wa risiti. Idhini iliyoandikwa siku tatu baada ya manunuzi inaweza kupita kama kulikuwa na dharura inayoeleweka, ila itabidi bosi aandike kwa nini, na hapo umeshaongeza siku.

Hatua ya 2: dukani, toa TIN ya kampuni kabla muuzaji hajabonyeza mashine

Betri ya 354,000 ilikuwa na risiti ya EFD nzuri kabisa, halali, niliihakiki ikatokea. Shida ilikuwa kwa mteja. Kwenye `CUSTOMER NAME` hakukuwa na jina la kampuni na kwenye `CUSTOMER ID` hakukuwa na TIN yetu. Yani kwa TRA betri ile kanunua mtu yeyote aliyepita Gerezani siku hiyo.

Watu wanadhani fainansi wanapenda tu kusumbua na TIN, lakini hesabu yake ni hii. Katika 354,000 betri yenyewe ni 300,000 na VAT ya asilimia 18 ni 54,000. Kampuni yetu imesajiliwa VAT, kwa iyo ile 54,000 tunaitoa kwenye VAT tunayopeleka TRA tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo betri inatugharimu 300,000. Lakini tunaitoa tu kama risiti imeandikwa jina letu na namba zetu. Bila hizo namba betri imetugharimu 354,000. Kuna kampuni zinamlipa mfanyakazi 300,000 tu na kumwambia ile 54,000 akaitafute mwenyewe dukani, mi binafsi naona ni ukatili kumfanyia mtu ambaye hakuwahi kufundishwa, ila sera zipo na zimeandikwa kwenye fomu aliyosaini.

Na mashine ya EFD haina kufuta. Risiti ikishatoka imeshahesabiwa, muuzaji hawezi kuirekebisha kwa kalamu, na ukijiandikia mwenyewe jina la kampuni kwa bluu juu ya risiti umeiharibu kabisa. Kubadili kunahitaji afuate utaratibu wa TRA wa kurudisha yale mauzo ndo akupe nyingine, na muuzaji wa Gerezani mwenye foleni mlangoni hatakufanyia hivyo. Ndo maana nasema kabla hajabonyeza. Mi nimewaprintia wenzangu wote kakaratasi kama kadi ya biashara, jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha TIN, TIN, VRN yani namba ya usajili wa VAT, na sanduku la posta. Wanampa muuzaji mkononi anaandika akiwa anaiangalia, maana ukimtajia kwa mdomo kwenye kelele zile tarakimu moja inakosewa na TIN yenye tarakimu moja mbovu ni sawa na hamna.

Risiti ikitoka usiondoke. Simama palepale uisome. Inaanza na `START OF LEGAL RECEIPT` na kuishia na `END OF LEGAL RECEIPT`. Angalia jina letu, angalia jumla kwenye `TOTAL INCL OF TAX` iwe ndo hela uliyotoa kweli, angalia tarehe. Afu skani ile QR ya chini au ingia verify.tra.go.tz uweke namba iliyopo kwenye `RECEIPT VERIFICATION CODE` pamoja na saa ya risiti. Ikileta risiti ileile yenye kiasi kilekile upo salama. Isipotokea hapohapo usigombane naye kwanza, mashine ikikosa mtandao risiti inakaa ndani mpaka mtandao urudi, jaribu tena baadaye. Isipotokea hata siku ya pili, rudi dukani.

Kuna ile lugha mnaijua wote, "bosi, na risiti au bila risiti?" Bila risiti 300,000, na risiti 354,000. Mtu mwema anafikiri anaiokolea kampuni 54,000. Haiokoi. Ukinunua bila risiti kampuni inakosa VAT na TRA wakija kukagua wanaweza kuyakataa matumizi yenyewe kwenye kodi ya mapato, ambayo kwa kampuni ni asilimia 30. Chukua 300,000 ikataliwe yote, kodi ya ziada ni 90,000. Na sheria inamdai hata mnunuzi aombe risiti, kosa halimhusu muuzaji peke yake. Nyingine mbaya zaidi ni muuzaji anakupa risiti ya 100,000 kwa mzigo wa 354,000 na kukuandikia invoisi ya 354,000 kwa mkono. Fainansi watakulipa kilichopo kwenye risiti, na utakuwa huna pa kwenda.

Profoma nayo tuiweke wazi, maana kila wiki naipata. Profoma ni bei tu muuzaji anakwambia angekuuzia, hakuna mauzo yaliyofanyika, naweza kuingia duka lolote Kariakoo nikatoka na profoma tano bila kununua msumari. Haiwezi kuwa ushahidi wa kleimu. Iweke nyuma kama ulikuwa unalinganisha bei, sawa, ila mbele yake lazima kuwe na invoisi ya kodi na risiti ya EFD.

Hatua ya 3: lipa kwa njia inayoacha jina la duka

Lipa namba ya duka, au akaunti ya benki yenye jina lililopo kwenye invoisi. Kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonesha jina, lisome, kama ni jina la mtu na invoisi ina jina la kampuni, simama uulize. Akikwambia lipa namba mbovu tuma kwangu tu, bora utoe keshi na upate risiti palepale, maana kwa keshi risiti ya EFD yenyewe inasimama kama ushahidi wa malipo.

Meseji ipige skrinishoti ionekane yote, namba ya muamala, jina, kiasi, makato, tarehe na saa. Makato ni haki yako kudai kama sera inaruhusu na wengi hawadai kwa kutojua. Ukiwa umeifuta, omba taarifa ya miamala ya simu yako, ziba mistari isiyohusu, maisha yako binafsi hayatuhusu.

Hatua ya 4: fundi na huduma, afadhali usilipe wewe

Hapa wengi wanashangaa. Fundi alidai 150,000 akaandika invoisi kwa mkono, ana TIN, mashine hana. Kampuni ikilipa huduma inatakiwa ikate kodi ya zuio asilimia 5, yani 7,500, ipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na fundi apewe cheti cha hiyo kodi akaitumie kwenye hesabu zake. Fundi alitakiwa apokee 142,500. Jamaa akampa 150,000 nzima kwa roho safi. Sasa 7,500 ya TRA itoke wapi? Ama kampuni iongeze, ama mfanyakazi akatwe, ama fundi airudishe.

Kwa iyo huduma yoyote, ufundi, usafi, kupaka rangi, lete invoisi ya fundi ofisini alipwe na ofisi. Iwe na jina lake kamili, TIN, namba ya simu, kazi aliyofanya na wapi, tarehe, kiasi, na sahihi ya mtu wa tawi kwamba kazi imefanyika. Kama ni dharura na lazima atoke na hela, mwambie toka mwanzo "nakupa 142,500, hii 7,500 ni kodi ya zuio utapewa cheti", aandike amepokea kiasi hicho asaini. Kumwambia kabla ni rahisi, kumpigia baadaye umwombe arudishe ni aibu kwa wote.

Bajaji ilipita kwa sababu aliandika vocha, kutoka wapi kwenda wapi, alibeba nini, dereva akasaini na kuweka namba ya simu na namba ya bajaji. Kwa vitu vidogo ambavyo hakuna risiti hiyo inatosha kwenye ofisi nyingi, ila kuna kikomo, kiulizie.

Hatua ya 5: panga karatasi ili mtu asome bila kukupigia

Juu fomu ya kleimu, mistari ina namba 1, 2, 3, 4. Kila kiambatanisho kiandikwe namba ya mstari wake kwenye kona. Nyuma ya fomu idhini, afu kwa kila mstari invoisi, risiti, ushahidi wa malipo, na dilivari noti au sahihi ya aliyepokea mzigo. Kwa betri ile tulipenda sana kwamba alipiga picha namba ya betri mpya ikiwa imeshafungwa, hakuna aliyeuliza tena.

Risiti za EFD zinachapwa kwa joto, wino hamna. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari siku mbili na jua hili la Dar unaikuta nyeusi au nyeupe tupu. Ifotokopi siku hiyohiyo, ambatanisha zote mbili, halisi na kopi. Usibandike selotepu juu ya maandishi, gundi inayala, bandika pembeni kwenye karatasi ya A4. Na usilamineti, mashine ya lamineti ina joto, inageuka nyeusi yote mbele ya macho yako, nimeshaletewa moja hivyo na mtu aliyekuwa anaitunza kwa mapenzi.

Halisi tunaidai kwa sababu kopi inaweza kuletwa mara mbili, Machi na tena Mei. Tukishalipa tunaigonga muhuri wa "imelipwa". Na leta mapema ndani ya mwezi uleule kama unaweza, maana kleimu ya mwezi uliofungwa inahitaji maelezo mengine na saini nyingine.

Hatua ya 6: ikirudi, uliza ni swali lipi halijajibiwa

Usirudishe karatasi zilezile na maelezo marefu. Muulize mhasibu, kwa kila mstari, anakosa nini hasa kati ya yale matatu.

Jamaa yetu tulikaa naye, tukaandika. Mstari wa 2, alirudi kwa sapalaya, kijana wa mauzo akakabidhi hela kwa keshia, duka likatoa risiti ya EFD yenye TIN yetu, na tukaomba taarifa ya akaunti yetu kutoka kwao inayoonesha ile invoisi imelipwa na salio lake sifuri. Tarehe ya risiti ilikuwa siku 9 baada ya meseji ya M-Pesa, kwa hiyo akaandika maelezo mafupi na sapalaya akagonga muhuri. Ile invoisi iliyokuwa inasubiri kwa mhasibu wa wadai ikafungwa. Mstari wa 3, akampigia fundi, fundi muungwana akarudisha 7,500 kwa simu, sisi tukamlipa jamaa 142,500 na fundi akapata cheti chake. Mstari wa 1 muuzaji wa betri alikataa kubadili, bosi akaandika kwamba ilikuwa dharura na alipwe hela yote, ile 54,000 ikaingia kama gharama ya kampuni.

Akapokea 733,900 kutoka ofisini na 7,500 kutoka kwa fundi, hela yake ikatimia 741,400, siku ya 26 tangu jenereta iwake. Kakaratasi ka TIN sasa kapo kwenye pochi yake, nyuma ya kitambulisho, alinionesha mwenyewe.